Kazi Yangu ni Ileile Kila Siku, Nitaandika Matokeo Gani Kwenye Wasifu?

*Shikamoo mama,*

*Mimi ni karani wa masjala katika chuo kimoja cha binafsi, huu ni mwaka wa saba. Napokea barua na kuzisajili, nafungua majalada, nayapeleka kwa maofisa na kuyarudisha rafuni, natunza shajala, pamoja na shughuli nyingine ndogondogo za ofisi. Sasa kuna shirika linatafuta msaidizi wa utawala na kumbukumbu. Tangazo linataka mwombaji aeleze mafanikio badala ya majukumu, na kila nukta ya wasifu ioneshe mazingira ya kazi, hatua aliyochukua na matokeo yake.*

*Nimekaa na karatasi nimekwama. Mazingira ninayo, hatua ninazo, matokeo ndiyo siyaoni. Barua imeingia, nimeisajili, imekwenda, kesho inakuja nyingine. Binamu yangu ambaye yuko kwenye mauzo alinionea huruma akaniandikia wasifu mzima jioni moja. Ameandika kwamba nimeongeza ufanisi wa masjala kwa asilimia 60 na kwamba nilibuni mfumo wa kufuatilia majalada. Unasomeka vizuri, ila nikiusoma kwa sauti naona ni wa mtu mwingine.*

*Huo mfumo ni kadi za mwendo wa majalada. Zamani mtu aliingia, akachukua jalada, akaondoka nalo. Ofisa utawala wetu ndiye aliyesema tuwe na kadi. Mimi na mwenzangu ndio tuliozitengeneza, jalada kwa jalada, na yako kama 2,000. Mimi ndiye ninayepita ofisini kila Ijumaa kuulizia yaliyokaa nje muda mrefu. Kabla ya kadi, hesabu ya mwisho wa mwaka ilikuta majalada 14 hayajulikani yalipo. Mwaka uliofuata yakawa 3.*

*Ofisa huyohuyo ndiye mdhamini wangu. Nilipomgusia habari hii alisema karani huandika majukumu tu, hayo mengine ni ya wakubwa. Ananitakia mema, lakini maneno yake yamenikaa moyoni. Nikiandika kama binamu naogopa kuulizwa. Nikiandika kama ofisa naogopa karatasi yangu itawekwa pembeni nisiitwe. Mwisho wa kutuma maombi ni wiki tatu zijazo. Nishauri mama.*

*Karani wa Masjala, Morogoro*

---

Marahaba mwanangu.

Umesema matokeo huyaoni, halafu aya moja mbele ukayaandika kwa mkono wako: 14, kisha 3. Nadhani hukuyahesabu kuwa matokeo kwa sababu neno hilo limekaa kichwani mwako kwa sura ya mauzo, yaani kitu kilichopanda. Kazi ya masjala mara nyingi matokeo yake ni kitu ambacho hakikutokea. Jalada halikupotea, barua haikulala mezani hadi tarehe ya kujibu ikapita, mwanafunzi aliyemaliza miaka mitano iliyopita alikuja kufuatilia cheti chake na rekodi zake zikapatikana akiwa bado amekaa kwenye benchi. Kwa hiyo ukishika nukta moja, usijiulize niliongeza nini. Jiulize ni nani alikuwa anaisubiri kazi hii, na angekwama wapi kama nisingeifanya au ningeifanya ovyo.

Tuanze na ile unayoiona haina kitu, kusajili barua. Kwenye wasifu wako wa zamani naamini imeandikwa "Kupokea na kusajili barua zinazoingia." Hapo ipo hatua peke yake. Anayesoma hajui kama ni barua tano kwa wiki au mia tano kwa mwezi, wala hajui ikishasajiliwa inakwenda wapi. Mazingira ndiyo yanayompa kipimo, na kipimo hicho unacho ndani ya rejista. Tuseme ukurasa wake una mistari 25 na mwezi wa kawaida mnajaza kurasa 12. Hizo ni barua kama 300. Angalia pia mwezi wa udahili, ukikuta kurasa 20 basi ni barua kama 500. Huhitaji kuhesabu mwaka mzima. Chukua miezi michache ya kawaida na mmoja wa msongamano, kisha andika "takribani", kwa sababu ndivyo ilivyo.

Matokeo ya kusajili nayo yako kwenye rejista hiyohiyo, ukijua pa kutazama. Barua ikifika unaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kwenye rejista kuna tarehe ya kuiandika, na kwenye kitabu cha kusambazia kuna tarehe ambayo ofisa alisaini kuipokea. Tarehe hizo tatu zinakueleza barua ilikaa kwako muda gani. Chagua barua kadhaa bila kupendelea, za mwanzo wa mwezi na za mwisho, uzilinganishe. Ukikuta nyingi zimeandikwa na kutoka siku ileile, unaweza kusema hivyo kwa moyo mweupe. Ukikuta zinazoingia Ijumaa alasiri zinatoka Jumatatu, andika "ndani ya siku moja ya kazi", ambayo bado ni sifa njema. Nukta ingeweza kusomeka hivi:

"Nilipokea, kugonga muhuri na kusajili takribani barua 300 kwa mwezi, hadi 500 msimu wa udahili, nikiweka kila barua kwenye jalada lake na kuifikisha kwa ofisa husika ndani ya siku moja ya kazi."

Tazama kilichofanyika hapo. Mazingira ni wingi na msimu, hatua ni zile kazi tatu pamoja na kuweka kwenye jalada, matokeo ni ule muda. Hakuna asilimia wala neno la kujisifu, lakini mtu aliyewahi kufanya kazi ofisi yenye barua nyingi ataelewa amesoma nini. Namba hizo ni za mfano wangu. Zako zitoke kwenye rejista yako.

Sasa kadi za mwendo, ambazo nadhani ndizo moyo wa wasifu wako. Binamu amezikuza mahali pasipohitaji kukuzwa, na ofisa anataka ziachwe kabisa. Mimi nakuuliza kitu kingine: wewe hasa ulifanya nini, kwa mikono yako? Wazo lilikuwa la ofisa. Kuandika kadi kwa majalada 2,000, kuziweka, kuwazoeza watu kusaini kabla ya kuondoka na jalada, na kupita kila Ijumaa kufuatilia, hizo ni kazi zako na za mwenzako. Ukiandika "nilibuni" au "nilianzisha" umechukua sehemu ya ofisa. Ukiandika "nilisaidia" umejifuta mwenyewe, maana hata aliyeleta kalamu alisaidia. Katikati yapo maneno sahihi: niliandaa, nilitekeleza, nilifuatilia. Na kazi ya watu wawili inasemwa tu, "nikiwa na mwenzangu mmoja". Haikupunguzii chochote, na kwenye usaili mtu akiuliza mlikuwa wangapi jibu lako litalingana na karatasi.

Halafu ile asilimia 60. Sishuku nia ya binamu yako, kwenye mauzo namba hiyo ina maana kwa sababu kuna mauzo ya mwaka jana na ya mwaka huu, moja inagawanywa kwa nyingine. Kwako ni asilimia 60 ya nini? Ya muda wa kutafuta jalada? Hakuna aliyewahi kuupima kabla ya kadi, kwa hiyo sasa hauwezi kulinganishwa na chochote. Swali hilo moja likiulizwa na paneli ya usaili, shida haitaishia kwenye nukta hiyo. Watarudi juu waanze kuitilia shaka hata ile ya barua 300, ambayo ni kweli tupu.

Unaweza kushawishika kusema basi, kutoka 14 hadi 3 ni punguzo la karibu asilimia 79. Hesabu ni sahihi. Mimi ningebaki na 14 na 3, kwa sababu namba ndogo zikigeuzwa asilimia zinavaa ukubwa usio wake, na msomaji anapendelea kuona kitu chenyewe. Akiona majalada 14 kati ya 2,000 anaielewa hali yote kwa mara moja.

Bado kuna jambo la kujiuliza kuhusu hizo namba mbili. Mwaka huohuo kilibadilika nini kingine? Pengine uongozi ulikataza majalada kutoka nje ya jengo, au idara moja iliyokuwa na tabia ya kukaa na majalada ilihamishwa, au hesabu ya mwaka uliofuata ilifanywa na watu wengi zaidi waliotafuta kwa makini. Kama yapo, kadi si sababu pekee. Hulazimiki kueleza yote hayo kwenye nukta, ila namna ya kuandika inabadilika. "Nilipunguza majalada yaliyopotea kutoka 14 hadi 3" inasema ni wewe tu. "Baada ya kadi kuanza kutumika, yasiyojulikana yalipo yalipungua kutoka 14 hadi 3 katika hesabu ya mwisho wa mwaka" inasema kilichotokea, na inamwachia msomaji aone uhusiano. Ya pili utaweza kuitetea mbele ya yeyote, ofisa wako akiwemo. Kwa hiyo nukta yote ingekaribia hivi:

"Katika masjala yenye majalada takribani 2,000 yaliyokuwa yakichukuliwa bila kumbukumbu, niliandaa kadi za mwendo nikiwa na mwenzangu mmoja na kufuatilia kila wiki majalada yaliyokaa nje; baada ya mwaka mmoja, majalada yasiyojulikana yalipo yalipungua kutoka 14 hadi 3."

Ni ndefu kidogo, ndiyo. Nukta za wasifu zikizidi mistari miwili jicho linaruka. Ugonjwa wa mtindo huu wa mazingira, hatua na matokeo ni kwamba mtu akiufuata kwa utii kila nukta inakuwa hadithi, na zikifika sita ukurasa unachosha. Dawa yake ni kuyatoa mazingira yanayojirudia na kuyaandika mara moja tu, mstari mmoja chini ya cheo chako: "Masjala ya chuo, majalada takribani 2,000, makarani wawili, chini ya ofisa utawala." Baada ya hapo nukta zinaanza moja kwa moja na hatua, na mazingira yanarudi pale tu kulipokuwa na hali ya pekee, kama ule msimu wa udahili au ile tabia ya kuchukua majalada bila kusaini.

Na si kila kazi inastahili nukta. Kutoa nakala, kupokea wageni na kupiga simu waweza kuzikusanya katika mstari mmoja wa mwisho bila matokeo yoyote. Nimesoma wasifu ambamo mtu anang'ang'ania kuonesha kwamba kutoa nakala kwake "kuliboresha mawasiliano ya idara", na sentensi kama hiyo inazishusha hadhi zile nzuri zilizo jirani yake. Shajala ni habari nyingine. Kama una leja ya stoo, na ulikuwa unaagiza rimu za karatasi kabla hazijafika kiwango fulani cha chini, basi matokeo yapo: je, kuna wiki ya mitihani ambayo karatasi ziliisha? Kama leja inaonesha hazikuisha, utaje wakati huo wa hatari kwa jina lake. "Ofisi haikuishiwa karatasi" ni maneno matupu. "Karatasi hazikuisha katika wiki za mitihani" inabeba uzito, kwa sababu kila aliyefanya kazi chuoni anajua siku hizo zikoje.

Nikukumbushe kitu ambacho makarani wazuri hukisahau wakianza kutafuta namba. Masjala ina majalada ya wazi na ya siri. Ukihesabu, hesabu mistari na kurasa, usipige picha rejista wala kutoka na nakala yake. Na ukiandika, usijaribu kuonesha uzito wa kazi yako kwa kutaja kilichomo ndani. "Nilitunza majalada ya nidhamu ya walimu" pamoja na idadi yake ni taarifa ya chuo ambayo huna ruhusa ya kuitoa, na huko unakoomba wataisoma wakijiuliza utasema nini juu yao. "Nilitunza majalada ya siri yenye ruhusa maalumu ya kuyafikia" inatosha. Ikiwa huna uhakika kama chuo kingependa hata idadi ya majalada yote itajwe, uliza. Ukijibiwa hapana, "masjala ya chuo yenye majalada ya wanafunzi na watumishi" bado ni mazingira.

Umebaki na ofisa wako, na hapa sina jibu moja la kukupa. Huenda aliposema hayo ni ya wakubwa alikuwa anakuonya kwa uzoefu wake, maana kuna taasisi ambazo kweli hupendelea orodha ya majukumu yanayofanana na muundo wa cheo. Shirika hili limesema wazi linataka nini, kwa hiyo ukiwapelekea majukumu matupu unakuwa umejibu tangazo lisilo lao. Lakini inawezekana pia alisikia "mafanikio" akafikiri unataka kuchukua jambo lake. Hajaona ulichoandika. Alichosikia ni wazo tu, labda mlangoni akiwa na haraka.

Unaweza kumpelekea zile nukta kabla ya kutuma, umwambie, "Bosi, nimeandika hivi kuhusu kadi, naomba uniangalizie kama nimesema sawa." Faida yake ni kwamba shirika likimpigia simu, atakachosema na ulichoandika vitakutana. Anaweza hata kukukumbusha namba uliyoisahau. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuambia ufute, na hapo utakuwa umeomba ushauri ambao ni vigumu kuukataa kwa mtu aliye juu yako, ambaye bado utafanya naye kazi usipoipata nafasi hiyo. Unaweza kutuma bila kumwonesha, ukategemea kwamba umeandika kweli na umemwachia lake. Hapo unabaki huru, ila ataulizwa kuhusu 14 na 3 bila kujiandaa, na mtu aliyeshtukizwa hujibu kwa ubaridi hata kama hana kinyongo. Njia ya tatu ni kumwongeza mdhamini mwingine anayeijua kazi yako, kwa mfano mkuu wa idara ambaye majalada yake ulikuwa unamfikishia. Yeye hajui habari za ndani ya masjala, lakini anajua kama jalada alilolihitaji lilifika. Angalia tu kama tangazo linamtaka msimamizi wako wa moja kwa moja. Kama linamtaka, huyo wa pili hatachukua nafasi ya wa kwanza.

Wewe ndiye unayemjua ofisa huyu akiwa na nafasi na akiwa na haraka. Ukiona kuna siku anayoweza kukaa nawe robo saa, nadhani nukta iliyoandikwa tayari itamgusa kuliko mazungumzo ya jumla, kwa sababu ataona kwamba neno "nilibuni" halimo. Ukiamua kumwongezea kipande kama "kwa maelekezo ya ofisa utawala", ni maneno matano, yanaingia bila kuharibu mstari. Wengine huona kipande hicho kinawashusha. Mimi naona kinaonesha karani anayepewa agizo la mstari mmoja akalifanya likafika kwenye majalada 2,000, na hiyo ndiyo kazi wanayoitangaza.

Binamu usimrudishie wasifu wake kwa kumwambia ni uongo. Alifanya kwa upendo, na mpangilio wake wa ukurasa huenda ni mzuri kuliko wako. Chukua mpangilio, badilisha maneno. Kisha mpe nukta zako mpya azisome yeye asiyejua masjala, na akuulize swali kila anapokwama: kadi ya mwendo ni nini, inakaa wapi, kwa nini Ijumaa. Panapomtatiza yeye patamtatiza na ofisa rasilimali watu wa shirika, ambaye naye huenda hajawahi kuingia masjala.

Kwa wiki tatu ulizonazo, anza na rejista kesho ukiwa bado una nafasi ya kuifungua kihalali kazini, maana maneno yanaweza kuandikwa hata usiku wa mwisho, ila kurasa hutazihesabu ukiwa nyumbani.